Re: Vibarua na wa kudumu hawaelewani kwenye laini ya kupaki

"Vibarua wanasema wanabebeshwa kazi yote, permanenti nao wanasema vibarua wanawamalizia ovataimu. Nianzie wapi?"

Habari mkuu. Anza na rejista ya mahudhurio kabla hujaita mkutano wowote. Angalia kila kibarua amefanya siku ngapi mfululizo, maana hapa Kenya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja anahesabiwa kama mtu wa mkataba wa mshahara wa mwezi. Kwa hiyo yule unayemwita kibarua tangu mwaka jana yuko sahihi kununa, mpe mkataba wa maandishi wenye tarehe ya mwisho.

Ovataimu sasa, hapo ndo moto uko. Kama fomani ndiye anachagua nani abaki, na kibarua hawezi kukataa akihofia kesho asiitwe getini, basi atabaki kila siku na permanenti ataona ameibiwa. Sisi tulibandika orodha ya zamu ukutani, majina yote yamechanganywa, ukikataa zamu yako anaitwa anayefuata na hupotezi nafasi, na saa ya ziada kila mtu analipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Manung'uniko yalipungua sana.

Buti na glavu zitoke stoo moja pia, usimpe kibarua zilizochakaa. Nafasi ya kudumu ikitokea, itangaze kwa vibarua kwanza na uandike vigezo, la sivyo wataamini ni ya binamu ya fomani.