Kimya kabla ya kijembe

Mdogo wangu unayeanza kushika maiki kwenye sendofu na harusi za Dar, kutunga vijembe utajifunza haraka. Kazi ni kunyamaza. Wengi wanaoanza hukimbilia neno la mwisho kama vile dijei anataka kuwazimia maiki, na kijembe kizuri kinapita watu wakiwa bado wanatafuna pilau. Nichukue kijembe kimoja tu, tukichambue.

Tuseme ukumbi uko Sinza. Mjomba wa bibi harusi, Mpare, aliahidi laki tano kwenye kikao cha kwanza cha kamati, na hadi leo hajatoa hata mia. Wewe ni Mchaga, kwa hiyo utani unakuruhusu. Unasema: "Mjomba aliahidi laki tano mbele ya kamati nzima. Mpaka jana jioni, kwa mweka hazina zilikuwa zimeshafika..." Hapo unanyamaza. Kisha: "salamu."

Sikiliza hiyo "zi" ya "zilikuwa zimeshafika". Msikilizaji ameshasikia laki tano, sasa anasikia "zi", basi kichwani anaona hela. Ukinyamaza hapo, anaanza kuhesabu mwenyewe: laki moja? Hamsini? Kimya chako kinamfanya ajenge jibu, na neno "salamu" linakuja kulibomoa huku sarufi ikiwa sawasawa, maana salamu nazo zinafika. Ungesema "ulikuwa umeshafika... udhuru", ile "u" ingeshawaambia kwamba si hela, na ungekuwa unanyamaza juu ya siri iliyokwisha kuvuja. Kwa hiyo kabla ya kupanda jukwaani, angalia kiambishi kilicho mbele ya kimya chako: kinaelekeza watu kwenye jibu la uongo au kinawaonyesha la kweli?

Halafu neno linalochoma liwe la mwisho kabisa. Sisi tuna tabia ya kuburuta maneno nyuma: "salamu zake tu hizo, jamani, si mnamjua." Watu wanataka kucheka pale kwenye "salamu", wewe bado unaongea, wanajizuia ili wakusikie. Kicheko kinafia kooni.

Kimya chenyewe si kirefu. Katika mazungumzo ya kawaida mtu hupokea zamu ya mwenzake kwa wastani wa sehemu kama mbili za kumi za sekunde, ndiyo maana sekunde moja tupu kwenye maiki inasikika kama tukio. Sekunde moja inatosha kwenye ukumbi mdogo. Ukumbi mkubwa wenye mwangwi, ongeza kidogo, ngoja sauti yako irudi na itulie. Katika muda huo usiseme "eeh", usitabasamu, usishushe maiki, maana ukishusha dijei atadhani umemaliza na atakupigia muziki juu ya kijembe. Ongea naye mapema.

Macho yako yawe kwa mjomba. Ukumbi mzima utageuka kumtazama, naye atajua kuna kitu kinakuja na hana pa kukikwepea. Hapo ndipo uzito unapoongezeka: neno "salamu" peke yake ni dogo, lakini linamkuta mtu anayetazamwa na watu mia tatu. Kwa sababu hiyohiyo usimfanyie mkwe, wala mtu ambaye kweli hana hela. Muulize mwenyekiti wa kamati kwanza.

Mtu akipiga kelele "elfu kumi!" katikati ya kimya chako, usibishane naye. Amekusaidia, kwa kuwa sasa hela imetajwa kwa sauti. Tikisa kichwa taratibu, kisha toa neno lako.

Jirekodi kwa simu ukasikilize nyumbani. Kicheko kikianza kabla ya neno, jibu limevuja au umenyamaza mno. Ukisikia vijiko na vikohozi ndani ya kimya, umewapoteza, fupisha. Na usipeleke mbinu hii kila mahali. Wanaisimu Salvatore Attardo na Lucy Pickering, katika utafiti wao wa 2011, walipima vichekesho vilivyosimuliwa kwa mazungumzo na hawakukuta kimya cha maana kabla ya neno la mwisho. Kijiweni ukinyamaza sekunde nzima, mwenzako ataingilia na kukumalizia. Kimya hiki kinahitaji maiki, kwa kuwa mwenye maiki ndiye mwenye zamu.

Baada ya "salamu", nyamaza tena. Waache wacheke hadi kicheko kianze kushuka, ndipo uendelee. Na mjomba akisimama kutaka kujibu, mpelekee maiki, kwani mtani ana haki ya kurudisha.