Mtoto anayeumwa tumbo kila Alhamisi

Kila Alhamisi, siku ya michezo, tumbo lilimuuma. Ijumaa mzima kabisa. Nilichelewa kuliona hilo, na kabla sijaliona nilikuwa nimeshaharibu: nilimwita aruke chini peke yake, darasa la sita zima limejipanga kando ya mchanga. Akakimbia vizuri, akafika kwenye ubao wa kurukia, akasimama. Watoto wakacheka. Alhamisi mbili zilizofuata hakuja shule.

Aliporudi nilimuuliza anaogopa nini hasa. Kumbe si kuruka. Ni sketi kupanda anapotua, na yale macho ya pembeni. La sketi lilikwisha siku ileile kwa bukta ya ndani. La macho lilichukua wiki sita.

Tulianza asubuhi kabla jua la Tabora halijawaka, dakika kumi, yeye na rafiki aliyemchagua mwenyewe, mimi nikisawazisha mchanga kwa reki. (Mwalimu usibaki na mtoto peke yenu, awepo mwenzake, na muwe mahali panapoonekana.) Alikimbia hatua tano tu, hakuna kupima. Kila akitua alinionyesha hofu yake kwa vidole, kumi ikiwa ndiyo hofu kuu. Tulirudia hivyohivyo mpaka vidole vikapungua karibu nusu, ndipo tukaongeza watazamaji.

Kwenye kipindi nilimwachia achague kazi: reki, kibendera cha faulo au futikamba. Akachukua futikamba. Anayepima hutafuta alama iliyo karibu zaidi na ubao, hata kama ni ya kiganja, kwa hiyo akajionea kwamba wenzake wote macho yao yako mchangani, wanabishania sentimita. Lakini kazi hiyo inanoga, na mtoto anaweza kujificha nyuma ya futikamba hadi amalize shule. Tukakubaliana: kipindi cha kwanza apime tu, kuanzia cha pili apime na aruke mara moja.

Darasa nililigawa: wengine kamba, wengine mpira, wengine vijiti. Mchangani wakabaki wanne, baadaye wanane. Wiki ya nne vidole 8 vilikuwa vimeshuka hadi 4, nami nikavimba kichwa, nikawaita darasa la saba watazame kutoka chini ya mwembe. Akafupisha hatua, akageuza shingo kuwaangalia, akasimama pale pale kwenye ubao. Ukiona hatua zinafupika na shingo inageuka, ujue umemkimbiza. Hatukurudi mwanzo kabisa. Tulirudi kwa wale wanane, kisha nusu ya darasa.

Wiki ya sita aliruka mbele ya wote. Mruko wa kwanza faulo, wa pili mita 2 na sentimita 90. Vidole vitatu.

"Mwalimu, nipimwe tena," akasema akijikung'uta mchanga. "Huyu futikamba yake imelegea."