Mkanda wa jeshi: hesabu saa tangu vipele vitoke

Daktari, mamangu ana miaka 61. Tangu Jumamosi analalamika kichomi ubavu wa kulia. Alipimwa moyo akaambiwa mzima. Jumanne jioni katokwa na vipele palepale, na leo Alhamisi asubuhi vimejaa maji. Jirani asema kakojolewa na buibui. Tumpeleke hospitali au tungoje vikauke? (Kizingitini)

Mpelekeni leo, msingoje. Ulivyoeleza, huo ni mkanda wa jeshi, na mmeuwahi.

Mpangilio wa siku ndio unaousema. Maumivu yametangulia, ngozi ikafuata siku tatu baadaye. Ndivyo unavyokuja mara nyingi: siku moja hadi tano za kuungua, kuchomachoma au kuwashwa sehemu moja ya kiwiliwili huku ngozi ikiwa safi kabisa. Ndiyo maana wengi hupimwa moyo, mapafu, nyongo au figo na kurudishwa nyumbani, na simlaumu aliyempima mamako, kwani Jumamosi hakukuwa na cha kuona. Kisha ngozi huwa nyekundu kwa mabaka, juu yake hutoka vipele vidogo, na ndani ya siku moja hivi vipele hivyo hugeuka malengelenge ya maji maangavu, yamekaa kwa vishada. Vishada vipya huendelea kutoka siku tatu hadi tano. Baadaye maji hubadilika rangi yakawa kama usaha, na kati ya siku ya saba na ya kumi yanaanza kufanya magaga.

Sasa hesabu. Dawa ya kirusi kinacholeta ugonjwa huu hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vya kwanza kuonekana. Usihesabu tangu maumivu, wala tangu maji yaonekane. Kwa mamako ni Jumanne jioni, kwa hiyo muda wake unakwisha Ijumaa jioni. Kirusi kinazaana sana siku hizo za mwanzo, na dawa kazi yake ni kukizuia kisizaane. Mshipa wa fahamu ukishaharibika, dawa hii haiutengenezi. Ukingoja malengelenge yakauke, umengoja mpaka kirusi kimalize kazi yake.

Anzieni Faza kwa kuwa ni kisiwa hichohicho, lakini pigeni simu kwanza muulize kama vidonge vya dawa hiyo, asiklovia, vipo. Kama havipo, msipoteze siku, chukueni boti mwende Lamu. Anayeishi visiwani anajua maji yakitoka boti haingojei mtu, na siku moja ikikupita hapa ni theluthi ya muda wote wa dawa.

Kuhusu buibui: malengelenge ya mdudu hayatanguliwi na siku tatu za kichomi. Yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, anayeitwa Nairobi flai, kweli huunguza ngozi akipondwa, lakini huacha mchirizi pale alipopondewa, shingoni au usoni mara nyingi, na kuungua huanza kwenye ngozi yenyewe.

Kwani huu ugonjwa huchagua upande? Bibi yangu husema ukizunguka kiuno vichwa vikikutana, mgonjwa hafiki kesho. (Malindi)

Aliyewahi kuugua tetekuwanga utotoni hakukitoa kirusi mwilini. Kilijificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na kinaweza kulala huko miaka hamsini. Kinga ikipungua, kwa uzee, ugonjwa au dawa fulani, kifundo kimoja huamka, na kirusi huteremka na mshipa wake hadi kwenye ngozi. Kila mshipa una ukanda wake wa ngozi, kutoka mgongoni kuzunguka ubavu hadi mbele. Wa kulia unahudumia kulia, wa kushoto kushoto. Mvue mgonjwa shati umtazame: malengelenge yanaanzia karibu na uti wa mgongo na kukoma kwenye mstari wa kitovu, kana kwamba kuna aliyeyazuia. Pengine huvuka kidogo tu, upana wa kidole.

Basi vichwa havikutani, kwa kuwa hakuna njia ya kukutania. Bibi mwambie kwa adabu. Ila kuna jambo la kuangalia kweli. Malengelenge yakianza kutawanyika mbali na ukanda wake, mgongoni upande wa pili, mapajani, usoni, kinga ya mgonjwa imeshuka sana na kirusi kimeingia kwenye damu. Huyo si wa vidonge nyumbani, ni wa kulazwa na kupewa dawa kwa mshipa. Na yakitoka kwenye paji la uso, kando ya jicho au ncha ya pua, jicho limo hatarini. Nenda siku hiyohiyo hata kama saa 72 zimepita.

Duka la dawa wamenipa asiklovia ya miligramu 200, mara tano kwa siku, siku tano, na tyubu ya kupaka. Leo siku ya pili, maumivu yako palepale. Niache? (Lamu, Langoni)

Usiache, ila kipimo hicho ni kidogo. Mia mbili mara tano ni ya malengelenge ya midomo na ya sehemu za siri. Mkanda wa jeshi kwa mtu mzima unataka miligramu 800 kila mara, mara tano kwa siku, siku saba hadi kumi. Yaani vidonge vinne vya 200 au viwili vya 400 kwa wakati mmoja. Kosa hili naliona mara kwa mara, kwa sababu jina la dawa ni lilelile na boksi ni lilelile. Rudi leo kwa daktari akuandikie upya, na mwambie kama una ugonjwa wa figo, kwani hapo kipimo hupunguzwa.

Saa zake zinapangika bila kuamka usiku: kumi na mbili asubuhi, nne, nane, kumi na mbili jioni, na nne usiku. Kunywa maji kwa wingi, hasa joto hili la Kaskazi, maana dawa hutoka kwa figo na mwili mkavu huiacha ikagande humo. Kama mara tano ni mzigo, ipo valasiklovia, miligramu 1,000 mara tatu kwa siku kwa siku saba. Bei yake huwa juu zaidi, lakini dozi hazisahauliki.

Tyubu iweke kando, haifiki kwenye mshipa kirusi kilipo. Krimu za kupunguza mwasho zenye steroidi, zile ambazo wengine huzipaka hata kung'arisha uso, hizo usiziguse kabisa. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha kwa kupapasa, funika kwa kitambaa safi kisichogandamana, vaa nguo pana. Malengelenge usiyatumbue. Usipake majivu wala dawa ya meno. Hizo ndizo huleta usaha wa kweli.

Na maumivu kuwa palepale siku ya pili si alama ya dawa kushindwa. Angalia kama vishada vipya vimekoma kutoka. Dalili hiyo ndiyo hutangulia. Maumivu yanatibiwa pembeni kwa dawa yake, na parasetamoli isipotosha, sema, usivumilie.

Niko na mfungo, dozi mara tano nitazipanga vipi kati ya magharibi na daku? (Pate)

Hazipangiki. Zote tano zikirundikwa usiku, mchana mzima mwili uko bila dawa na bila maji, na kirusi hakina likizo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye; zungumza na shekhe wako, lakini dawa ianze leo.

Nina mkanda wa jeshi na binti yangu yuko na mimba ya miezi minne, tunalala nyumba moja. Nimhamishe? (Malindi, Shela)

Muulize kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Kama aliugua, hana hofu. Kama hakuugua, asiguse malengelenge, taulo wala shuka zako mpaka yote yafanye magaga, na kama ameshayagusa aende kliniki ya wajawazito akaseme. Hawezi kuambukizwa mkanda wenyewe. Anachoweza kupata ni tetekuwanga, na kwa mjamzito hiyo si ya kuchezea. Ukifunika vizuri na kunawa mikono, hatari hupungua sana. Watoto wachanga nao wasipakatwe kwa sasa.

Nina miaka 27. Nilitokwa na mkanda kifuani, nesi akaniambia nipime virusi vya ukimwi. Nilikasirika nikaondoka. (Mpeketoni)

Nesi alifanya kazi yake. Ugonjwa huu huwatafuta zaidi waliopita hamsini. Ukimtokea kijana, kipimo hicho ni cha kawaida, kwa sababu wakati mwingine huwa ndiyo ishara ya kwanza kwamba kinga imepungua. Si hukumu. Wapo vijana wengi wanaopata mkanda na kipimo kikaonyesha hawana kitu. Ukikutwa unavyo, dawa zipo bila malipo katika hospitali za serikali, na umegundua mapema. Kilichonisikitisha mimi ni kuwa uliondoka bila asiklovia. Kama malengelenge mapya bado yanatoka, rudi leo, bado ina faida.

Ngozi ilipona tangu miezi minne, imebaki alama tu ubavuni. Lakini kanga ikinigusa naruka kama nimeunguzwa. Watu wa nyumbani wasema najifanya. (Lamu, Mkomani)

Hujifanyi. Mshipa uliachwa na jeraha, na sasa unatuma habari za moto pale kanga inapopita tu. Maumivu yakizidi miezi mitatu baada ya vipele, huo ni ugonjwa wa mshipa wenyewe, na kirusi hakihusiki tena. Asiklovia ukiila leo haitakusaidia, usitupe pesa. Parasetamoli nayo mara nyingi haifui dafu hapa.

Zinazosaidia ni dawa zinazotuliza mishipa: amitriptilini kwa kipimo kidogo, miligramu 10 hadi 25 usiku, au gabapentini inayopandishwa polepole. Si dawa za kununua tu dukani, kwa kuwa huleta usingizi na kizunguzungu, na amitriptilini haimfai kila mwenye ugonjwa wa moyo au wa mkojo kuziba. Zipe wiki kadhaa kabla ya kusema zimeshindwa. Kwa walio wengi maumivu hupungua kadiri miezi inavyokwenda, ingawa aliyepita sitini hungoja zaidi.

Sitasema kwamba dawa ya mapema ingekukinga kabisa na haya. Hufupisha siku za malengelenge na kulainisha maumivu ya mwanzo, lakini wako walioanza siku ya kwanza na bado yakawabakia. Kwa sasa vaa fulana laini ya pamba inayobana kidogo chini ya kanga. Kinachokushtua ni kitambaa kinachopitapita juu ya ngozi. Kikitulia hapohapo, wengi hukistahimili.