Shoka la kuazima: nilivyojifunza kutoa neno la dakika 10

Jumuiya yetu hapa Morogoro hukutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila juma nyumbani kwa mtu mwingine. Nyimbo mbili, sala, neno, sadaka, matangazo, kisha chai. Mwenye zamu ya neno anapewa dakika 10. Zamu yangu ya kwanza nilitumia 35.

Nilichukua habari ya mwana mpotevu. Nikaeleza baba anayesamehe, nikaeleza kaka mwenye kinyongo, nikaingia kwenye njaa ya nchi ya mbali, na kwa kuwa nilijiona nimepamba moto nikaongeza na yule kondoo aliyepotea na ile shilingi. Chai ilipoa. Jumamosi iliyofuata katibu akauliza, kama ilivyo desturi yetu, nani anakumbuka neno la juma lililopita. Kimya. Mwishowe binti mmoja wa kidato cha pili akasema, "Lile la nguruwe." Tulicheka wote, ila mimi nilicheka kwa shida.

Zamu yangu iliporudi, miezi kadhaa baadaye, niliamua kuchukua kisa kimoja tu na kutoka nacho jambo moja la kufanya. Naeleza hapa nilivyokiandaa, pamoja na pale nilipokosea, kwa sababu kosa lenyewe ndilo lililonifundisha zaidi.

Kisa nilichochagua kiko 2 Wafalme 6:1-7. Ni aya saba, zinasomeka kwa sauti chini ya dakika mbili, na hilo si dogo: saa kumi na mbili na nusu kuna wazee waliosahau miwani nyumbani na kina mama wenye watoto mapajani. Ukisoma sura nzima umeshawapoteza kabla hujaanza. Wana wa manabii wanamwambia Elisha kwamba mahali wanapokaa pamewabana. Wanaomba waende Yordani, kila mmoja akate boriti moja, wajenge makao. Elisha anakubali, anaombwa afuatane nao, anakwenda. Mmoja anapokata mti, chuma cha shoka kinachomoka na kutumbukia majini. Analia kwamba kile kilikuwa cha kuazima. Elisha anauliza kimeanguka wapi. Anaonyeshwa. Anakata kijiti, anakitupa pale, chuma kinaelea, naye yule mtu ananyosha mkono anakichukua. Basi. Aya ya nane tayari ni vita vya mfalme wa Shamu.

Nilikisoma kila jioni kwa siku nne kabla sijaandika chochote. Siku ya kwanza macho yalikimbilia muujiza, na ndivyo ilivyo kwa wengi. Nimesikia kisa hiki kikihubiriwa hivi: kijiti ni msalaba, chuma ni mwenye dhambi, maji ni dunia. Sisemi ni vibaya, lakini ukimaliza kuhubiri hivyo msikilizaji ameambiwa afanye nini Jumatatu? Kufanya chuma kielee hawezi. Kwa hiyo nilipitia aya moja moja nikiandika kwenye daftari vitendo tu, na pembeni ya kila kitendo jina la aliyekifanya. Kisha nikafuta vyote ambavyo mtu wa jumuiya yetu hawezi kuvifanya. Kutupa kijiti kukafutika, na kuelea kukafutika. Vilivyobaki vilikuwa vichache: aliazima, akalia, akamwonyesha mahali.

Hicho cha mwisho ndicho kilichonikamata. Elisha, nabii aliyejua mengi bila kuambiwa, hapa anauliza: wapi? Na yule mtu hasemi "huko mtoni". Anamwonyesha mahali penyewe.

Nikirudi nyuma aya chache, mwisho wa sura ya tano, nikakuta jambo lililonifanya nisimame. Elisha anamuuliza mtumishi wake Gehazi anatoka wapi, naye Gehazi, aliyekwisha kupokea fedha na mavazi ya Naamani kwa siri, anajibu kwamba hakwenda popote. Anatoka pale na ukoma. Swali la "wapi" linaulizwa mara mbili karibu karibu: mmoja anaficha, mwingine anaonyesha. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti barabarani.

Kisha nikalitoa. Iliniuma, kwa sababu ndilo lililokuwa bora kuliko yote niliyoyaona. Lakini ili Gehazi aeleweke ningehitaji kumweleza Naamani, na Naamani naye angehitaji nimweleze kijakazi na Yordani na kujichovya mara saba, na hapo nimesharudi kwa kondoo na shilingi. Kwa maoni yangu hapa ndipo wengi tunapoharibu. Maandalizi hatukosi, ila tunaona huruma kuacha vizuri tulivyovipata.

Nilichokibakiza ni kimoja tu kutoka nje ya kisa, kwa sababu bila hicho kilio cha yule mtu hakieleweki. Torati, Kutoka 22:14, inasema aliyeazima mnyama akaumia au kufa mwenyewe asipokuwapo, lazima alipe. Sheria inataja mnyama, lakini inatosha kuona kitu cha watu kilivyochukuliwa kwa uzito. Na chuma hakikuwa cha kuokota. Kijana anayeishi pamoja na wenzake mahali padogo, asiye na shoka lake mwenyewe, atalipa na nini? Sentensi mbili tu, na watu wakaona deni likizama mtoni.

Halafu fundisho. Sheria niliyojiwekea ni kwamba liandikike kwa sentensi moja yenye kitendo na siku. "Tuwe waaminifu" halifai, kwa sababu hakuna atakayejua kama amelifanya au hakulifanya. Nikaandika: "Ukiharibu au kupoteza kitu cha mtu, mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo." Nikaona limekamilika.

Mfano nilitoa wangu. Katika chumba kile kila mtu ana cha mtu: sufuria la pilau lililobaki tangu kipaimara, viti vya plastiki, ungo. Ukigusa mfano wa mwingine, hata bila jina, watu wanaanza kutazamana, na hapo neno limekufa. Nikasimulia drili ya jirani. Niliiazima kutoboa lenta niweke fimbo ya pazia, nikaisukuma kwa nguvu kwenye zege mpaka ikatoa moshi na kuzima. Wiki tatu nikawa napita njia ya nyuma ya kisima ili nisikutane naye. Nilipojitutumua kwenda kumwambia, tulikwenda wote kwa fundi, akaifungua, akasema kaboni zimeisha tu. Alibadilisha tukisubiri. Kumbe ile njia ya kisimani ilinigharimu kuliko kaboni.

Kisa chenyewe sikukisoma nilipokuwa nafafanua. Mwenzangu alikisoma kwenye Biblia, mimi nikakisimulia nikiwa nimefunga kitabu. Ukisimulia, lugha yenyewe inakubeba: akakata, likachomoka, likatumbukia, akalia. Nilipofika kwenye kilio nilinyamaza kidogo. Mama mmoja mbele akasema "Jamani!" nikajua tuko pamoja. Nikasema fundisho mara mbili kwa maneno yale yale bila kulipamba, nikaketi. Dakika tisa.

Sasa kosa. Tukiwa kwenye chai, mzee mmoja wa kanisa, mtu wa maneno machache, akanisogelea na kikombe chake. "Mwanangu, neno zuri. Lakini mwenye shoka yuko aya ya ngapi?"

Nikafungua. Hayupo. Yule mtu hakumwambia mwenye shoka. Alimlilia Elisha, aliyekuwa karibu naye. Kama baadaye alikwenda kwa mwenyewe au hakwenda, kisa hakisemi. Mimi nilikuwa nimechukua habari ya drili yangu nikaipachika kwenye aya.

"Shikamoo mzee," nilimwambia, ingawa nilikwisha kumwamkia asubuhi. Akacheka. Akaongeza jambo ambalo sikulifikiria: kuna mwenye kitu ambaye ukimwendea peke yako atakufukuza, au utashindwa hata kubisha hodi. Ndiyo maana mtu alihitaji kwanza kumlilia aliye karibu naye. Alikuwa anajua anachosema, maana kesi za majirani huishia kwake.

Kwa hiyo tangu siku ile naongeza hatua moja nikiandaa. Nikishapata sentensi ya fundisho, narudi kwenye aya na kidole, natafuta kila neno la sentensi yangu linatoka wapi. "Siku hiyo hiyo" ilipita: alilia pale pale, shoka lilipoanguka. "Mwenyewe" haikupita. Jambo ambalo kidole hakilipati, ni langu, si la kisa, hata likiwa kweli. Linaweza kusemwa siku nyingine kwa kisa kingine.

Niliombwa kulitoa neno lile tena kwenye jumuiya yetu, na safari hii sentensi ilikuwa: "Ukiharibu cha mtu, siku hiyo hiyo mwonyeshe mtu mmoja mahali kilipoangukia." Ilibidi hata mfano ubadilike kidogo. Kweli ni kwamba kabla ya kwenda kwa jirani nilimwonyesha mke wangu ile drili, pale nilipokuwa nimeificha chini ya kitanda, na yeye ndiye aliyesema twende. Mara ya kwanza kipande hicho nilikiruka kwa sababu kilinipunguzia sifa ya ujasiri. Kumbe ndicho kilichofanana na aya.

Kuna mahali ambapo kisa hiki nisingekipeleka. Msibani, hapana: marehemu huacha madeni, na wafiwa watadhani unawasema. Wala mahali ambapo wawili wanagombania kitu wakati huo huo na wote wamekaa chumbani. Hapo umekuwa hakimu bila kuitwa, na hata ukitoa mfano wako mwenyewe, kila mmoja atausikia kama ushahidi wa upande wake. Kwa siku kama hizo chagua kisa kingine kabisa.

Jumamosi iliyofuata katibu akauliza swali lake. Binti yule yule wa nguruwe akanyosha mkono: "Shoka." Tuliambiwa tufanye nini? "Tuonyeshe mahali."

Tulipotoka nje, kaka mmoja tunayekaa naye mtaa mmoja akanivuta pembeni ya mwembe. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Kaka, ile ngazi yako ya mwaka jana," akasema. Nilikuwa nimekwisha kusahau nani aliichukua. "Njoo mara moja nikuonyeshe."