Konvesheni zimeshuka ghafla: ni soko au ni tegi?

Swali: "Tangu Jumanne konvesheni kwenye Google Ads zimeshuka kutoka 40 hivi kwa siku hadi 6, ilhali mibofyo na gharama havijabadilika. Kampeni inatumia zabuni za kiotomatiki. Nimeshauriwa niisimamishe, niinakili na kuianzisha upya ili mfumo ujifunze tena. Nifanye hivyo?"

Jibu: Usiguse chochote kwenye kampeni leo. Namba unayoiona kwenye dashibodi si idadi ya mauzo. Ni idadi ya mara ambazo tegi, yaani kipande cha msimbo kilichowekwa kwenye tovuti, ilifanikiwa kutuma taarifa ya mauzo. Mkanganyiko huu ndio ninaokutana nao karibu kila wiki, na ndio unaoharibu kampeni ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Anza mahali ambapo tegi haina mkono, yaani kwenye jedwali la oda zilizolipiwa:

```sql
SELECT DATE(created_at) AS siku, COUNT(*) AS oda
FROM orders
WHERE status = 'paid'
  AND created_at >= CURRENT_DATE - INTERVAL 21 DAY
GROUP BY DATE(created_at);
```

Linganisha matokeo na safu ya `Conversions (by conv. time)`, si ile ya kawaida ya `Conversions`. Safu ya kawaida huirudisha kila konvesheni kwenye siku ya mbofyo, kwa hiyo siku za karibuni huonekana haba mpaka wanunuzi wanaochelewa kuamua wamalize kununua. Hakikisha pia kwamba hifadhidata na akaunti ya matangazo vinatumia saa za eneo moja, la sivyo oda za usiku zitahamia siku nyingine.

Nieleze kwa kisa nilichokishughulikia. Duka moja la mtandaoni lilikuwa na oda 58 kwa siku, na 42 kati yake zilihesabiwa na matangazo. Ghafla matangazo yakaonyesha 5, lakini jedwali likaonyesha oda 55. Kama kweli wanunuzi 37 wa matangazo wangepotea, jumla ingeshuka hadi 21 hivi. Haikushuka, basi wanunuzi walikuwepo na taarifa zao ndizo zilizopotea. Hesabu hii ina nguvu pale tu matangazo yanapoleta sehemu kubwa ya oda. Yakileta chache, jumla inaweza kuficha anguko la kweli, na hapo utahitaji `gclid`, yaani kitambulisho cha mbofyo wa tangazo, iliyohifadhiwa pamoja na kila oda ili uzihesabu zile za matangazo peke yake.

Kilichowapotosha wenye duka ni zile konvesheni 5 zilizobaki, kwa kuwa waliamini tegi iliyoharibika lazima isome sifuri. Tulipozigawa oda kwa njia ya malipo, jibu lilijitokeza. Waliolipa kwa kadi walikuwa bado wanarudishwa kwenye ukurasa wa `/asante`, ilhali waliolipa kwa simu, ambao ndio wengi, walikuwa wamehamishiwa `/oda/imekamilika` baada ya mfumo wa malipo kusasishwa. Kichochea cha tegi kilikuwa kinasubiri `Page Path` iwe `/asante` tu. Tulifanya ununuzi wa majaribio kwa kila njia ya malipo tukiwa tumefungua Tag Assistant, na kwa malipo ya simu tegi ikabaki chini ya `Tags Not Fired`. Nawe jaribu kila njia ya malipo; jaribio moja lililofaulu halithibitishi kwamba tegi ni nzima.

Usihukumu kwa umbo la grafu peke yake. Ni kweli tegi ikikatika, kampeni zote huanguka katika saa ileile, lakini lango la malipo likigoma grafu huwa vivyo hivyo, na safari hiyo hasara ni ya kweli. Jedwali la oda ndilo linalotenganisha hali hizo mbili.

Ukishaona ni tegi, rekebisha kichochea, kisha uweke `Data exclusions` kwa siku zilizoathirika ili zabuni za kiotomatiki zisijifunze kwamba mibofyo ile haikuzaa kitu. Zuio hilo hufuata tarehe ya mbofyo, kwa hiyo jumuisha pia siku chache kabla ya hitilafu, kulingana na muda ambao wateja wako huchukua kununua.

Kuhusu ushauri uliopewa: kuinakili kampeni hakugusi tegi hata kidogo. Nakala itaanza bila historia yake yenyewe na itapokea taarifa zilezile pungufu, nawe utakuwa umeongeza badiliko la pili juu ya tatizo la kwanza, kiasi kwamba namba zikipanda au zikishuka hutajua kwa nini. Nimewaona wanaojiita wataalamu wakiuza tiba hii ya "kuamsha mfumo" bila kuomba hata mara moja kuona oda za mteja. Atakayekuambia ubadilishe zabuni, mwombe kwanza akuonyeshe hesabu ya oda zilizolipiwa kwa siku 21 zilizopita, pamoja na matokeo ya ununuzi wa majaribio kwa kila njia ya malipo.