Nyongeza ya elfu tano, mia saba mkononi

Swali la wiki: "Mwajiri ameniongezea mshahara, lakini siku hizi naanza kukopa kabla ya tarehe 20. Je, matumizi yangu ndiyo yameharibika, au kuna jambo jingine?"

Mhariri, mimi ni karani wa mishahara mjini Thika, na malalamiko ya aina hii huletwa mezani pangu kila mara nyongeza inapotolewa. Mwaka jana mfanyakazi mwenzetu wa stoo alinitandazia hati zake mbili za mshahara, moja ya Januari 2023 na nyingine ya Machi 2025, akaniuliza ni nani aliyemla. Mshahara wake ulikuwa umetoka shilingi 50,000 hadi 55,000, yaani nyongeza ya asilimia 10, na barua ya pongezi bado alikuwa nayo.

Tulianza na makato. Katika hati ya kwanza alikatwa 200 za akiba ya uzeeni ya NSSF, 1,200 za bima ya afya ya NHIF na kodi ya mapato ya PAYE ya 7,143, akabaki na 41,457. Katika hati ya pili NSSF ilikuwa imefika 3,300, kwa kuwa ile sheria ya NSSF ya mwaka 2013 iliyokwama mahakamani kwa miaka ilianza kutekelezwa Februari 2023, na tangu hapo kiwango kikawa kikipandishwa kila Februari. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF na ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, ilichukua 1,512. Ada ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 ikachukua 825. PAYE nayo ikawa 7,192. Kilichobaki kilikuwa 42,170. Kwa hiyo katika zile 5,000 alizopongezwa kwazo, zilizomfikia mkononi ni 713 tu.

Hadi hapo mtu angeweza kusema kwamba heri kidogo kuliko kukosa kabisa. Lakini shilingi ya Machi 2025 haikuwa na uwezo wa ile ya Januari 2023. Kwa takwimu rasmi za Kenya, bei zilipanda kwa asilimia 6.9 katika mwaka ulioishia Januari 2024, kisha kwa asilimia 3.3 katika mwaka uliofuata. Viwango hivi havijumlishwi, kwa sababu kupanda kwa pili kulianzia juu ya bei ambazo tayari zilikuwa zimepanda, bali huzidishwa, 1.069 kwa 1.033, na jibu ni takriban 1.104. Ukigawanya 42,170 kwa 1.104 unapata karibu 38,200. Huo ndio mshahara wake halisi, yaani uwezo wake wa kununua ukipimwa kwa bei za Januari 2023, na umepungua kwa zaidi ya shilingi 3,200 kila mwezi ingawa barua inasema umeongezeka. Nami sikuhesabu bei za Februari na Machi.

Mwenzangu alipinga: "Lakini redioni walisema mfumuko umeshuka." Ni kweli ulishuka, ila kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Bei zilizokwisha kupanda hazikurudi zilikotoka kwa sababu mwaka uliofuata zilipanda polepole.

Kwa haki, lazima niseme kwamba zile 3,300 za NSSF hazijapotea. Ni akiba yake, na mwajiri huweka kiasi kilekile juu yake. Hata hivyo hawezi kulipia kodi ya nyumba wala karo kwa fedha atakazozipata uzeeni, na swali lililoulizwa ni la tarehe 20. Tena kipimo cha bei ni cha wastani: katika kapu la taifa la bidhaa zinazopimwa bei chakula huchukua karibu theluthi moja, ilhali kuna nyumba ambazo chakula peke yake humaliza nusu ya mshahara. Anayetaka kujua hali yake mwenyewe na aorodheshe vitu vile vile anavyonunua kila mwezi, kwa vipimo vile vile, kisha alinganishe jumla ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Baada ya hapo aliniuliza angepaswa kuongezewa kiasi gani ili abaki alipokuwa. Kwa kapu lile lile alihitaji kubaki na takriban 45,780 mkononi. Sasa, kwa mtu wa kiwango chake, kila shilingi 100 inayoongezwa hupunguzwa shilingi 10 na senti 25 za NSSF, SHIF na nyumba, na kinachosalia hutozwa kodi ya asilimia 30, hivyo humfikia chini kidogo ya 63. Hesabu ikafika kwenye mshahara wa karibu 60,750, yaani nyongeza ya zaidi ya asilimia 21 dhidi ya kupanda kwa bei kwa asilimia 10. Aliiandika tarakimu hiyo nyuma ya ile barua ya pongezi, akaipeleka kwa meneja siku iyo hiyo. Aliambiwa kwamba bajeti ya mwaka ilikuwa imeshafungwa.