Panga Jibu la Kiufundi kwa Mfuatano wa Vigezo vya Tathmini

Mjumbe wa kamati ya tathmini husoma zabuni akiwa na karatasi ya alama mkononi. Anataka kuona jibu la kigezo cha 2(b) baada ya 2(a). Likiwa limejificha ukurasa wa 31, huenda asilione, na mara nyingi hana ruhusa ya kukisia ulichomaanisha.

Kabla ya kugusa rasimu, nakili vigezo neno kwa neno pamoja na namba na alama zake, kisha uvifanye vichwa vya habari. Usiviboreshe hata kama Kiswahili chake kinakukera. Angalia pia nyongeza zilizotolewa baada ya zabuni kutangazwa, kwani huweza kubadilisha kigezo au alama zake.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu: kuvunja kila kigezo. Tuseme 2(b) inasomeka hivi: "Mpango wa matengenezo ya dharura: muda wa kufika, watu watakaohusika na upatikanaji wa vipuri (alama 12)." Hayo ni maswali matatu. Rasimu inajibu: "Tuna timu mahiri inayofanya kazi saa 24." Muda wa kufika umetajwa kwenye utangulizi, majina yako kwenye wasifu, na vipuri havipo popote. Sentensi inavutia, lakini mjumbe hana cha kukipa alama.

Baada ya kuhaririwa, jibu liwe na aya tatu kwa mfuatano uleule. Ya kwanza: "Fundi atafika ndani ya saa 4 tangu taarifa ipokelewe, mchana au usiku." Ya pili: "Kila zamu ina mafundi 2 na msimamizi 1, wasifu wao uko Kiambatisho C, ukurasa wa 31 hadi 36." Ya tatu itaje vipuri vilivyo ghalani na muda wa kuagiza visivyokuwepo. Mhariri asivibuni, amrudie mwenye taarifa. Pengo likibaki, liandike kwa rangi nyekundu kwenye rasimu ili lisisahaulike.

Usiogope kurudia. Kama saa 4 zinahitajika tena kwenye 3(a), ziandike upya kwa ufupi badala ya kusema "kama tulivyoeleza hapo juu". Ila hapo ndipo makosa huzaliwa: 2(b) inasema saa 4, jedwali la 3(a) bado linasema 6. Tafuta kila tarakimu iliyorudiwa na uilinganishe.

Kurasa nazo zifuate alama. Kikomo kikiwa kurasa 40 na jumla ya alama 100, kigezo cha alama 12 kinastahili takriban kurasa 5. Historia ya kampuni isiyo na kigezo chake ndiyo ya kwanza kukatwa, hata mkurugenzi akinuna.

Namba za kurasa zijaze mwisho kabisa, kwani kila aya inayohama huzivuruga. Kisha mpe karatasi ya vigezo pekee mtu ambaye hakuandika zabuni hiyo, aweke kidole kwenye kila jibu. Akianza kufunua kurasa huku na huku, aya anayoitafuta bado haijakaa mahali pake.